Elektroni Zinapoupita Mwanga Ndani ya Maji

Urani haing'ai. Filamu na katuni zimetuzoesha kuona madini ya nyuklia yakiwaka rangi ya kijani kama taa ya duka la dawa, lakini fimbo mpya ya mafuta ya kinu cha nyuklia ni bomba jembamba la metali lililojazwa vidonge vyenye urani, na mafundi huishika wakiwa wamevaa glovu tu. Zima taa za chumba, kaa nayo gizani mpaka asubuhi, hutaona kitu.

Mambo hubadilika fimbo hiyo ikishaingia kwenye kinu na kufanya kazi. Chukua kinu cha aina ya TRIGA, kile kidogo cha utafiti ambacho vyuo vikuu vingi duniani vilijengewa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Cha kwanza barani Afrika kiliwashwa Juni 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kinshasa, wakati Kongo ingali chini ya Wabelgiji. Kiini cha kinu cha namna hii kimekaa chini kabisa ya tangi la maji safi lililo wazi juu. Ukisimama kwenye jukwaa na kuinama kutazama, unaona fimbo zimesimama wima kwenye kina cha mita tano hivi, na katikati yake maji yamejaa mwanga wa buluu iliyokolea. Hakuna taa iliyofungwa humo. Metali ya fimbo yenyewe ni nyeusi tii mbele ya mwanga huo, kwa sababu haiwaki. Kinachowaka ni maji.

Maji hayo ni ya kawaida, yaliyochujwa na kuondolewa chumvi, na ukichota ndoo moja ukaitoa nje haitatoa mwanga wowote. Kwa hiyo kuna kitu kinachopita ndani yake na kuyafanya yang'ae. Kitu hicho ni elektroni zinazokimbia kuliko mwanga unavyokimbia ndani ya maji. Sentensi hiyo huwashtua watu waliofundishwa shuleni kwamba hakuna kinachoupita mwanga, na wana haki ya kushtuka. Nitairudia baada ya kueleza jinsi ilivyogunduliwa, maana waliouona mwanga huu mwanzo hawakujua kabisa ni nini.

Marie Curie na wenzake waliuona mapema katika karne ya 20. Chupa zao za maji yenye radiamu zilitoa mwanga hafifu wa buluu. Hakuna aliyeshangaa sana, kwa sababu vitu vingi vikipigwa na mionzi hung'aa kwa sababu inayojulikana: mionzi inazipa molekuli nishati, molekuli zinaitunza kwa muda mfupi, kisha zinaitema kama mwanga. Saa za zamani zenye namba zinazoonekana gizani zilifanya kazi hivyo. Wanafizikia wengi walichukulia kwamba mwanga wa chupa za radiamu ni wa jamii hiyo hiyo, wakaendelea na shughuli nyingine.

Mwaka 1933 mjini Leningrad, Sergei Vavilov alimpa mwanafunzi wake, Pavel Cherenkov, kazi ambayo haikuwa na dalili ya kumpatia mtu sifa. Achukue miyeyusho ya chumvi za urani, aipige kwa miale ya gama kutoka kwenye radiamu, na apime inang'aa kiasi gani. Cherenkov alikuwa mtoto wa wakulima kutoka mkoa wa Voronezh, na kifaa chake kikuu cha kupimia kilikuwa macho yake mwenyewe. Mwanga uliokuwa unatafutwa ulikuwa hafifu mno kwa vyombo vya wakati ule. Kabla ya kuanza kupima alikaa zaidi ya saa nzima katika giza totoro ili macho yazoee. Kisha alitazama chombo cha kioevu kupitia kabari ya kioo cheusi, akiisogeza taratibu upande mzito hadi mwanga ukakaribia kupotea machoni. Unene wa kioo mahali ulipopotea ndio uliokuwa kipimo.

Kikwazo kikaja upande ambao hakuutarajia. Ili kujua chumvi ya urani inang'aa kiasi gani, ilibidi kwanza aondoe hesabu ya kioevu chenyewe kisicho na chumvi. Kioevu kile nacho kiling'aa. Jawabu la haraka lilikuwa uchafu, basi akachukua maji akayachemsha na kuyakusanya mvuke wake, akarudia tena na tena. Mwanga haukupungua. Alijaribu vimiminika vingine vingi safi, na vyote vikang'aa kwa viwango vinavyokaribiana.

Hapo ndipo alipofanya jambo lililoitenga kazi yake na za waliomtangulia. Mwanga wa kawaida wa molekuli una tabia zake. Ukikipasha kioevu joto, molekuli hugongana zaidi, nishati hupotelea kwenye migongano na mwanga hufifia. Ukitia kemikali fulani zinazoiba nishati hiyo, mwanga huzimika. Cherenkov alipasha joto, akatia kemikali hizo, na mwanga ukabaki vilevile. Halikuwa jambo la molekuli kutunza nishati na kuitema baadaye, maana hapakuwa na muda wowote wa kutunza ambao joto au kemikali ingeweza kuuingilia. Mwaka 1934 alichapisha matokeo hayo, na Vavilov akachapisha makala yake pamoja naye akisema kwamba chanzo si miale ya gama moja kwa moja bali elektroni ambazo miale hiyo inazigonga ndani ya kioevu. Hilo alilipata. Namna elektroni zinavyotoa mwanga hakuipata: alidhani ni kwa sababu ya kupunguzwa mwendo.

Dokezo la mwisho lilitoka kwenye mwelekeo. Mwanga wa molekuli husambaa pande zote sawasawa, lakini huu ulielekea mbele, kule elektroni zilikokuwa zinakwenda, na uliacha upande wa nyuma ukiwa na giza. Mwaka 1937 wenzake wawili wa taasisi hiyo hiyo, Igor Tamm na Ilya Frank, walitoa nadharia iliyoeleza kila kitu: mwelekeo, rangi, na kwa nini vimiminika vyote hung'aa karibu sawa. Cherenkov aliandika taarifa fupi ya vipimo vya kuithibitisha na kuituma kwa jarida la Nature la Uingereza, likaikataa. Ikachapishwa Marekani katika Physical Review. Mwaka 1958 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobeli. Vavilov alikuwa amefariki mwaka 1951, na tuzo hiyo haipewi wafu, ingawa Warusi hadi leo huuita mwanga huu kwa majina mawili, la mwalimu na la mwanafunzi. Nadhani Warusi wametenda haki zaidi.

Sasa tuirudie ile sentensi ya kushtua. Kasi ambayo hakuna kitu kinachoipita ni ile ya mwanga katika ombwe, mahali pasipo na kitu chochote: kilomita 299,792 kwa sekunde. Mwanga ukiingia ndani ya maji huchelewa, kwa sababu kila molekuli unayoipitia inatikiswa na mawimbi yake na kuongeza mawimbi yake yenyewe, na mchanganyiko wa hayo yote husonga mbele polepole zaidi. Gawanya kasi ile kwa 1.33, ambayo ndiyo kadiri maji yanavyoupunguza mwanga, utapata kama kilomita 225,000 kwa sekunde. Sheria ya Einstein inakataza kuipita namba ya kwanza. Haisemi chochote juu ya ya pili. Elektroni inayokwenda kilomita 280,000 kwa sekunde ndani ya maji imeupita mwanga wa majini na haijavunja sheria yoyote.

Lakini kuupita mwanga ni jambo moja, kutoa mwanga ni jingine. Elektroni ina chaji ya umeme, na inapopita karibu na molekuli ya maji huivuta kidogo na kuipinda, kisha ikishapita molekuli hurudi katika hali yake. Kupindwa na kurudi huko ni mtikisiko wa chaji, na kila mtikisiko wa chaji hutoa wimbi dogo la mwanga. Hii hutokea hata elektroni ikienda taratibu. Tofauti ni kwamba elektroni ikienda taratibu, mawimbi madogo hukimbia mbele yake na pembeni, yanachanganyikana juu kwa chini, na jumla yake ni sifuri. Ikienda kasi kuliko mawimbi yenyewe, kila wimbi jipya huzaliwa mbele ya yaliyotangulia, na yote hukutana yakiwa yamepanda pamoja kwenye mstari mmoja.

Aliyewahi kupanda boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja ameyaona mawimbi mawili marefu yanayotoka ubavuni mwa chombo na kufunguka nyuma kama herufi V. Boti ikiwa inaelea bandarini vijiwimbi vyake huenda kila upande na kufa. Ikishakimbia, vijiwimbi havipati nafasi ya kutangulia, vinarundikana na kuwa wimbi moja lenye nguvu ya kutikisa ngalawa iliyo mbali. Elektroni majini hufanya vivyo hivyo, ila wimbi lake si herufi V juu ya uso wa bahari bali koni kamili inayoizunguka njia yake pande zote, na wimbi lenyewe ni mwanga. Kwa elektroni iliyo karibu kabisa na kasi ya juu, miale ya mwanga hutoka kwa pembe ya nyuzi 41 kutoka kwenye njia yake. Kadiri elektroni inavyopungua kasi, pembe hiyo hujifunga, na kasi ikifika kilomita 225,000 mwanga hukatika.

Elektroni hizo zinatoka wapi? Wengi hudhani zinatoka ndani ya mafuta, na ni kweli kwamba vipande vya atomi za urani zilizopasuka hutema elektroni kwa wingi. Ila nyingi kati ya hizo hazivuki ukuta wa metali wa fimbo. Kinachovuka ukuta ni miale ya gama, ambayo haina chaji na hupenya metali kwa urahisi. Ikishafika kwenye maji, mwale mmoja wa gama hugonga elektroni iliyokuwa imetulia ndani ya molekuli na kuirusha. Elektroni zinazotoa mwanga, basi, kwa sehemu kubwa ni za maji yenyewe.

Tuifuate moja. Tuseme imerushwa ikiwa na nishati ya elektrovolti milioni moja, kiasi cha kawaida kabisa ndani ya kinu. Inaanza safari kwa kilomita 282,000 hivi kwa sekunde, na koni yake ina pembe ya nyuzi 37. Safari nzima haizidi milimita nne au tano, kwa sababu maji huipokonya nishati kila inapopita. Nishati yake ikishuka chini ya elektrovolti 260,000 hivi imeshakuwa na mwendo mdogo kuliko mwanga wa majini, na hapo inazima hata kama bado inakwenda. Katika milimita hizo chache imetoa chembe za mwanga unaoonekana makumi machache tu. Nishati iliyotumika kwenye mwanga huo ni sehemu ndogo sana, chini ya moja kwa elfu ya yote iliyokuwa nayo. Nyingine yote imeishia kuwa joto. Ndiyo maana Cherenkov alilazimika kukaa gizani na radiamu yake kidogo, wakati kinu chenye elektroni za namna hii zisizohesabika kila sekunde kinawaka hata taa za ukumbi zikiwa zimewashwa.

Na buluu? Nadharia ya Tamm na Frank inasema mwanga huu una rangi zote mfululizo, bila mistari ya rangi moja moja kama ya taa za neoni, lakini chembe zake huongezeka kadiri urefu wa wimbi unavyopungua. Zambarau na buluu ni nyingi kuliko njano, njano ni nyingi kuliko nyekundu. Sehemu kubwa kuliko zote iko kwenye urujuanimno, ambao macho yetu hayauoni. Maji nayo hunyonya nyekundu kidogo kidogo mita kwa mita, na jicho la binadamu ni dhaifu kwenye zambarau. Kinachobaki kutufikia juu ya jukwaa ni buluu.

Kwa mwendeshaji wa kinu, buluu hiyo ina tabia anazozizoea. Nguvu ya kinu ikipanda, inang'aa zaidi. Kinu kikizimwa inafifia mara moja, lakini haiishi, kwa sababu vipande vya atomi zilizopasuka huendelea kutema gama kwa siku, miezi na miaka. Vinu vya TRIGA vina jambo moja la ziada ambalo wageni hulipenda. Mafuta yake yamechanganywa na haidrojeni na zirikoni kwa namna ambayo yakipata moto ghafla, mwitiko wa nyuklia hujizuia wenyewe. Kwa hiyo inaruhusiwa kuirusha fimbo ya udhibiti nje kwa hewa iliyoshindiliwa. Katika kinu cha TRIGA cha Vienna, Austria, ambacho kwa kawaida hufanya kazi kwa kilowati 250, nguvu huruka hadi megawati 250 kwa muda wa milisekunde 40 hivi, kisha inajishusha. Anayetazama kutoka juu husikia kishindo cha fimbo ikirushwa, na papo hapo tangi zima linamulika buluu mara moja.

Anayetazama hadhuriki, na sababu ni maji yaleyale. Gama za nishati ya kati hupungua nusu katika kila sentimita kumi hivi za maji. Mita tano ni nusu ya nusu ya nusu, karibu mara hamsini. Mwanga wa buluu, kwa upande wake, hupita maji safi bila taabu. Kwa hiyo kati ya yote yanayotoka kwenye fimbo zile, ambazo zingeweza kumuua mtu kwa dakika chache akizikaribia bila maji, kinachomfikia aliye juu ni mwanga peke yake.

Ugeuze mpangilio huo uone hatari yake. Septemba 1987, mjini Goiânia nchini Brazili, watu wawili waliingia katika jengo la kliniki lililoachwa na kuchukua kichwa cha mashine ya tiba ya saratani, wakitaka kuuza chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na chumvi ya siziamu-137. Kifaa kilifika kwa mnunuzi wa vyuma, kikafunguliwa, na usiku wakaona unga ule unatoa mwanga wa buluu. Waliupenda. Waligawiana ndugu na majirani, wengine wakajipaka mwilini. Watu wanne walikufa, na zaidi ya watu 100,000 walipangwa foleni kupimwa. Namna hasa mwanga ule ulivyozaliwa ndani ya unga haikuwa lazima ifanane na ya kwenye bwawa. Tofauti iliyowaua ni kwamba kati yao na chanzo hapakuwa na mita za maji. Mwenye kushughulika na vyuma chakavu akikuta metali nzito yenye umbo la mviringo na unga unaowaka gizani, asiuguse, asogee mbali, na aite mamlaka ya mionzi ya nchi yake.

Tumerudi bwawani, kwenye kazi ambayo mwanga huu unaifanya leo. Mafuta yaliyotumika yana plutoniamu, na plutoniamu inaweza kutengenezewa bomu. Kwa sababu hiyo wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao Vienna, huzunguka duniani kuhakikisha kwamba mafuta ambayo nchi inasema inayo kweli yapo. Hofu hiyo si ya kubuni. Kinshasa penyewe fimbo za mafuta ziliwahi kupotea, na moja ilikamatwa na polisi wa Italia mwaka 1998.

Katika kituo kikubwa cha umeme hesabu si rahisi. Koeberg, karibu na Cape Town, ina vinu viwili vilivyoanza kuzalisha umeme katikati ya miaka ya 1980. Mafuta yake hufungwa kwa matita: kila tita ni mraba wa nafasi 17 kwa 17, yaani 289, na kati ya hizo 264 zina fimbo za mafuta. Nafasi 25 zilizobaki ni mirija mitupu ya kupitisha fimbo za udhibiti na vipimo. Matita yaliyotumika husimamishwa kwenye vyumba vya rafu chini ya maji, mamia kwa mamia. Kulitoa kila moja na kulipima kwa mashine kungechukua miezi na kuhatarisha kuliangusha.

Mkaguzi badala yake husimama kwenye daraja la kreni juu ya bwawa akiwa na kamera inayokuza mwanga hafifu na kichujio kinachopitisha urujuanimno na kuzuia taa za ukumbi. Taa hazizimwi, mafundi wanaendelea na kazi zao. Anailenga kamera moja kwa moja juu ya tita. Maji yaliyo kati ya fimbo na ndani ya ile mirija mitupu yamekuwa nguzo nyembamba zenye urefu wa mita nne, zikipigwa na gama kutoka pande zote, na kwa kuwa mwanga hutoka juu kupitia nguzo hizo tu, yeye huona gridi ya nukta zinazong'aa, zilizokolea zaidi kwenye mirija. Akisogeza daraja kidogo pembeni, nukta zinafifia na kuzimika, kwa sababu fimbo zimeziba njia. Mwanga unaofanya hivyo unatoka kweli ndani ya tita lililotumika.

Kuna mahali anaweza kudanganyika. Tuseme mtu ameondoa tita la kweli na kuweka la chuma tupu lenye umbo lilelile. Matita ya jirani yanatoa gama za kutosha kuvuka na kuyafanya maji ya ndani ya lile bandia yang'ae pia. Anayetazama juu juu ataona buluu na kupita. Kwa hiyo mkaguzi haulizi tu kama pana mwanga. Mwanga wa kuazimwa kutoka kwa jirani ni hafifu, huwa na nguvu kwenye kingo zinazoelekea majirani na kupotea katikati, wakati tita halisi hung'aa tangu ndani. Kamera za kidijitali, zilizotengenezwa kwa ushirikiano wa Kanada na Sweden, hupima pia ung'avu wenyewe. Mwendeshaji ameshaandika tita lilikaa kinuni kwa muda gani na limetolewa mwaka gani, na kutokana na hapo hukokotolewa mwanga unaotarajiwa. Ikiwa nusu ya fimbo zimebadilishwa kwa za chuma, ung'avu hushuka kwa kiasi ambacho kamera inakigundua. Ikiwa ni fimbo mbili tatu kati ya 264, kamera haina uhakika, na wakaguzi hutumia vifaa vingine vinavyoshushwa majini kupima gama na nyutroni.

Maji yenyewe nayo yana ukaidi wake. Pampu za kupoza zikifanya kazi karibu, uso hutetereka na picha kucheza. Maji yakiwa na ukungu, urujuanimno hunyonywa kabla haujafika juu. Umri pia unahesabika: baada ya miongo kadhaa gama nyingi zinazobaki ni za siziamu-137, ambayo hupungua nusu kila miaka 30, na nishati yake inatosha tu kuzirusha elektroni juu kidogo ya ule mpaka wa elektrovolti 260,000. Hata hivyo kamera hizi ziliundwa ziweze kuona tita lililokaa bwawani miaka 40.

Mafuta mapya, yasiyowahi kuingia kinuni, hayaonekani kwa njia hii hata kidogo. Na mabwawa yakijaa, vituo vingi, Koeberg ikiwemo, huhamishia matita yaliyopoa kwenye makasha mazito makavu yanayofungwa kwa boliti au kulehemiwa. Humo hamna maji, na kuta zake hazipitishi mwanga. Kuanzia hapo mkaguzi hutegemea lakiri zilizofungwa juu ya kifuniko na kamera za ulinzi zinazoutazama ukumbi usiku na mchana, kwa hiyo ratiba ya upakiaji hupangwa naye kabla, ili tita la mwisho aliangalie likiwa bado majini.